Swali la (c) na mti wa majani manane

Karatasi nyingi za mtihani wa algoriti zina swali la namna hii. Mtahiniwa anapewa milinganyo mitatu na kuambiwa aitatue kwa Kanuni Kuu, ile ambayo wanafunzi huiita masta thiorem:

```
(a) T(n) = 3T(n/2) + n
(b) T(n) = 2T(n/2) + n²
(c) T(n) = 2T(n/2) + n log n
```

Ya (a) na (b) huwa hayasumbui sana. Kwenye (c) ndiko alama zinakopotea, na kosa ni lilelile kila mara: mtahiniwa anaona `n log n` ni kubwa kuliko `n`, anakimbilia hali ya tatu ya kanuni, anaandika `Θ(n log n)` na kufunga kitabu. Jibu hilo si sahihi. Ili kuona kwa nini, ni lazima kwanza kujua kanuni yenyewe inapima nini, maana wengi wameikariri kama sala bila kujua inachokisema.

Chukua mwalimu mwenye karatasi 8 za mtihani anazotaka kuzipanga kwa majina. Anazigawa mafungu mawili ya karatasi nne nne, anampa msaidizi mmoja fungu moja na mwingine la pili. Kila msaidizi naye anagawa lake, mpaka mtu anabaki na karatasi moja mkononi, ambayo haina cha kupangwa. Kisha mafungu yanarudi juu yakiunganishwa: mawili kuwa manne, manne kuwa manane. Wanahisabati huuita mtindo huu gawanya utawale. John von Neumann alikwisha kuandika programu ya kompyuta ya kupanga kwa njia hii mwaka 1945.

Kazi yote ikiitwa `T(n)`, basi ni kazi ya mafungu mawili yenye ukubwa wa nusu, pamoja na kazi ya kuunganisha, ambayo hugusa kila karatasi mara moja: `T(n) = 2T(n/2) + n`. Ukiichora inakuwa mti. Juu kabisa, kuunganisha karatasi 8 ni kazi 8. Ngazi inayofuata kuna mafungu mawili ya nne, kazi 8 tena. Ngazi ya tatu kuna mafungu manne ya mbili mbili, kazi 8 vilevile. Ngazi zote zinalingana, na idadi yake ni mara ambazo 8 inaweza kugawiwa kwa 2 hadi ibaki 1, yaani 3. Hiyo ndiyo `log n`, kwa logi ya msingi wa 2 itakayotumika katika makala hii yote. Kwa hiyo kazi ni `n` kwa kila ngazi mara `log n` ya ngazi, na jibu ni `Θ(n log n)`. Alama ya theta inasema tu kwamba hivyo ndivyo kazi inavyokua, bila kujali viwango vya kuzidisha vilivyo mbele.

Kanuni Kuu haifanyi zaidi ya hapo. Mlinganyo ukiwa `T(n) = aT(n/b) + f(n)`, mti wake una majani yapatayo `n` kwa kipeo cha `log_b a`, na kanuni inashindanisha majani hayo na kazi ya kileleni, `f(n)`. Majani yakishinda, jibu ni idadi ya majani. Kilele kikishinda, jibu ni `f(n)`. Wakitoka sare, zidisha kwa `log n`. Jon Bentley, Dorothea Haken na James Saxe waliieleza njia hii mwaka 1980, lakini aliyeipeleka kwenye vyumba vya mitihani ni kitabu kinene cha Cormen, Leiserson na Rivest kilichotoka 1990.

Mlinganyo wa (a) una kisa chake. Mwaka 1960 huko Moscow, Andrey Kolmogorov aliwaambia washiriki wa semina yake kwamba, kwa kadiri alivyodhani, hakuna njia ya kuzidisha namba mbili zenye tarakimu `n` kwa hatua zinazokua polepole kuliko `n²`. Katika siku chache Anatoly Karatsuba, kijana wa miaka 23, alimletea njia hiyo. Ujanja wake unaonekana kwenye 23 × 41. Njia ya shuleni inataka mazao manne: 2 × 4, 2 × 1, 3 × 4 na 3 × 1. Karatsuba anafanya matatu. Kwanza 2 × 4 = 8, kisha 3 × 1 = 3, kisha anajumlisha tarakimu za kila namba na kuzidisha: 5 × 5 = 25. Toa 8 na 3 kwenye 25, inabaki 14, ambayo ndiyo sehemu ya katikati. Mia nane, kumi kumi na nne, na tatu: 943.

Kuokoa zao moja kunaonekana ni jambo dogo. Lakini linaokolewa katika kila tawi la mti. Kwa namba yenye tarakimu 1,024 mti una ngazi 10 za kushuka, na njia ya mazao manne inafika chini ikiwa na majani 1,048,576. Ya matatu inafika na 59,049. Kwa jibu la mtihani, `log` ya 3 kwa msingi wa 2 ni takriban 1.585, majani ni `n^1.585`, na kilele ni `n` tu. Majani yameshinda waziwazi: `Θ(n^1.585)`.

Ya (b) ni kinyume chake na haihitaji maneno mengi. Ukiwa na `n` ya 8, kilele ni 64, kisha 32, kisha 16, na majani ni 8. Kazi inapungua nusu kwa nusu kila unaposhuka, jumla yake ni 120, na hata mti uwe mrefu kiasi gani haitafika mara mbili ya kilele. Jibu ni `Θ(n²)`. Hapa msahihishaji hutafuta mstari mmoja ambao wengi huusahau, kwamba `2·(n/2)² = n²/2`, yaani ngazi ya pili ni sehemu ya kilele isiyozidi kiwango fulani kilicho chini ya 1. Bila sharti hilo hali ya tatu haijathibitishwa.

Sasa (c). Majani ni `n`, kilele ni `n log n`, na ni kweli kilele ni kikubwa. Lakini kanuni haikuuliza nani mkubwa. Imeuliza kama kimoja kimekizidi kingine kwa kipeo, hata kipeo kidogo namna gani. Kwenye (b) ukigawa kilele kwa majani unapata `n`, na hicho ni kipeo cha 1. Kwenye (a) ukigawa majani kwa kilele unapata `n^0.585`. Kwenye (c) unapata `log n` peke yake, na logi haifikii kipeo chochote cha `n`. Mtu anaweza kubisha. Achague kipeo kidogo, tuseme 0.1. Kwa `n` ya 1,024, `n^0.1` ni 2 na logi ni 10, kwa hiyo logi inaongoza kwa mbali. Lakini nenda mpaka 2 kwa kipeo cha 60: logi ni 60, na `n^0.1` imeshakuwa 64. Kuanzia hapo logi haimpati tena. Punguza kipeo kiwe 0.01 na mambo yatakuwa yaleyale, ila utangoja zaidi.

Hata sharti lile la mstari mmoja linakataa. Ngazi ya pili ya (c) ikigawiwa kwa kilele ni 2/3 kwa `n` ya 8, ni 9/10 kwa 1,024, ni 19/20 kwa milioni moja na ushei. Inakaribia 1 bila kikomo, kwa hiyo hakuna kiwango kimoja chini ya 1 kinachoweza kuzikinga zote.

Asiyependa maneno ya kipeo achore mti tu. Kwa `n` ya 8, ikichukuliwa kwamba kila jani ni kazi 1, ngazi ni hizi:

```
kilele:        8 × 3 = 24
ngazi ya 2:    8 × 2 = 16
ngazi ya 3:    8 × 1 =  8
majani:        8 × 1 =  8
jumla:                 56
```

Kila ngazi inapungua, lakini kwa `n` moja tu, tofauti na (b) iliyopungua kwa nusu. Tofauti yote iko hapo. Jumla ya 3 + 2 + 1 kwa mti mrefu inakuwa karibu nusu ya `log n` iliyozidishwa kwa `log n`, na jibu linatoka lenyewe: `Θ(n log² n)`. Anayetaka kupima jibu lake agawe jumla kwa kilele. Kwa 8 ni 56 kwa 24, mara mbili na kitu. Kwa 1,024 ni 57,344 kwa 10,240, mara 5.6. Kwa `n` ya 2 kwa kipeo cha 20 inapita mara 10. Kama hali ya tatu ingekuwa kweli, uwiano huo ungetulia mahali pamoja kama ulivyotulia chini ya 2 kwenye (b).

Je, mtahiniwa aandike kwamba kanuni imeshindwa? Hapo pana utata usio wa mwanafunzi. Katika matoleo matatu ya kwanza ya kitabu kile, sare ilikuwa sare kamili, na mlinganyo kama (c) uliangukia kwenye pengo kati ya hali ya pili na ya tatu. Toleo la nne, la mwaka 2022, limepanua hali ya pili: kilele kikiwa sawa na majani mara `log^k n`, ambapo `k` ni 0 au zaidi, ongeza 1 kwenye `k` na umemaliza. Kwa (c) `k` ni 1, inakuwa 2. Toleo hilo pia limeupa upande wa majani jina la ukingo wa mlima unaoamua mvua iteremke upande upi, na kwa kweli ni picha nzuri kuliko herufi zote zilizotangulia.

Kwa hiyo watahiniwa wawili wanaweza kutofautiana, mmoja akaandika kanuni haifanyi kazi, mwingine akaandika hali ya pili, na wote wakawa sahihi kwa kitabu walichosoma. Mwenye makosa ni yule wa hali ya tatu. Ipo milinganyo ambayo hakuna toleo litakaloiokoa: `T(n) = T(n-1) + n`, kwa kuwa inapunguza badala ya kugawa, au `T(n) = T(n/3) + T(2n/3) + n`, kwa kuwa mafungu hayalingani. Huu wa mwisho unatatuliwa na njia ya Akra na Bazzi ya mwaka 1998, ambayo mitihani mingi ya shahada ya kwanza haiigusi.

Aliye na mtihani wiki hii aulize mapema somo lake linafuata toleo gani, na siku yenyewe aandike kanuni aliyoitumia kwa ukamilifu kabla ya kuandika jibu. Kwenye swali kama la (c), achore ngazi tatu za mti pembeni mwa karatasi. Ni kazi ya dakika mbili.