Maswali na majibu: Kwa nini Injili zinatofautiana kuhusu maneno ya mwisho ya Yesu msalabani?

Kila Ijumaa Kuu, makanisa mengi ya Afrika Mashariki na Kati huhubiri juu ya yale yaitwayo maneno saba ya Yesu msalabani. Muumini anayeifungua Biblia yake ili ayatafute hugundua jambo ambalo mahubiri hayo hayalitaji sana: hakuna Injili hata moja yenye maneno yote saba. Marko na Mathayo wanalo moja tu, lile lile. Luka anayo matatu, na Yohana anayo matatu mengine. Zaidi ya hayo, wasimulizi hawa hawakubaliani ni neno lipi lililotamkwa mwisho kabla ya kukata roho. Yafuatayo ni maswali ambayo wasomaji huuliza, pamoja na majibu yanayotokana na utafiti wa maandiko hayo.

Kila Injili inasema nini hasa?

Katika Marko, giza linaifunika nchi tangu saa sita hadi saa tisa. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa kuwa hesabu yake ya saa ni ile ile ya waandishi wa kale: saa ya tisa tangu kucha ndiyo saa tisa ya alasiri, wala hahitaji kugeuza chochote. Saa hiyo Yesu anamlilia Mungu kwa Kiaramu, akiuliza kwa nini amemwacha. Waliosimama karibu wanadhani anamwita nabii Eliya, na mmoja wao anamletea siki katika sifongo. Kisha Yesu anatoa sauti kuu isiyo na maneno, anakufa. Mathayo anasimulia karibu vivyo hivyo.

Luka hana kilio hicho. Kwake Yesu anawaombea msamaha wanaomsulubisha, anamwahidi mhalifu mmoja kuwa pamoja naye peponi siku ile ile, na mwisho anaikabidhi roho yake mikononi mwa Baba. Katika Yohana anamkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda, anasema ana kiu, na baada ya kuipokea siki anatangaza kwamba kazi imefika mwisho wake.

Je, waandishi wenyewe walikuwapo?

Marko anasema wazi kwamba wanafunzi walikimbia usiku wa kukamatwa, na kwamba wanawake walioandamana na Yesu kutoka Galilaya walitazama kwa mbali. Yohana peke yake ndiye anayemweka mwanafunzi mmoja karibu na msalaba, mahali pa kuweza kusikia.

Wataalamu wengi huweka kifo cha Yesu karibu na mwaka 30, Injili ya Marko karibu na mwaka 70, Mathayo na Luka miaka kumi hadi ishirini baadaye, na Yohana kuelekea mwisho wa karne ya 1. Katika kipindi hicho habari ilisimuliwa kwa mdomo, tena ilisimuliwa katika ibada, na waumini waliokuwa wakizisoma Zaburi ili kuelewa kilichotokea. Wala jambo hili si la Injili peke yake. Suetonio, mwandishi wa Kirumi, anasema Kaisari Augusto aliagana na ulimwengu kwa neno la mapenzi kwa mkewe Livia. Kasio Dio, aliyeandika miaka mingi baadaye, anakumbuka zaidi majivuno yake juu ya mji wa Roma aliouacha ukiwa wa marumaru. Katika dunia ile, maneno ya anayekufa yalitarajiwa kuonyesha maisha yake yalikuwa na maana gani.

Haiwezekani kwamba alisema yote, na kila mmoja akaandika sehemu yake?

Hilo ndilo jibu la kale zaidi, na mapokeo ya maneno saba yamejengwa juu yake. Yesu alikaa msalabani kwa saa kadhaa, kwa hiyo hakuna kinachozuia asiwe amesema zaidi ya mara moja. Wakristo wengi wanaridhika na jibu hilo, na kwa baadhi ya maneno lina nguvu: ahadi kwa mhalifu na agizo kuhusu mama yake yanaweza kukaa pamoja bila kugongana.

Ugumu unatokea mwishoni. Luka anaunganisha kuikabidhi roho na kufa moja kwa moja, bila nafasi katikati. Yohana naye anafanya hivyo kwa tangazo lake. Anayetaka kuyapanga yote katika mstari mmoja hana budi kuchagua ni mwandishi gani aliyeruka kitu, na hakuna andiko linalomsaidia kuchagua. Tena jibu hilo halielezi kwa nini Luka, ambaye kwa maoni ya wataalamu wengi alikuwa na Injili ya Marko mbele yake, aliliacha neno pekee ambalo Marko alikuwa nalo.

Inajulikanaje kwamba Luka alimfuata Marko na kumbadilisha?

Hapa inafaa kuziweka Injili hizo mbili ubavu kwa ubavu. Zote zina giza tangu saa sita hadi saa tisa. Zote zina pazia la hekalu linalopasuka, ingawa Marko analiweka baada ya kifo na Luka kabla kidogo. Zote zina sauti kuu mara tu kabla ya kukata roho, na zote zinamalizia kwa akida wa Kirumi anayetoa hukumu yake juu ya aliyekufa. Mifupa ya simulizi ni ile ile.

Kisha hutazamwa palipobadilika. Kilio cha kuachwa hakipo. Kwa kuwa kilio hakipo, hakuna wa kudhani kwamba Eliya anaitwa, na sehemu hiyo nayo imetoweka. Siki haikutupwa, bali imesogezwa mbele: inatolewa na askari wanaomdhihaki. Na pale ambapo Marko ana sauti kuu isiyo na maneno, Luka anaijaza sauti hiyo maneno, akiyachukua kutoka Zaburi ya 31 na kuongeza mbele yake jina la Baba. Akida pia amebadilika. Katika Marko anamtambua aliyekufa kuwa Mwana wa Mungu; katika Luka anamtangaza kuwa mwenye haki, yaani mtu aliyeuawa bila hatia.

Sababu yake inaonekana katika kitabu cha pili cha Luka, Matendo ya Mitume. Humo Stefano anapopigwa mawe anamkabidhi Bwana Yesu roho yake na kuwaombea wauaji wake. Luka anamchora Yesu kama shahidi wa kwanza, ambaye wafuasi wake watakufa kwa mfano wake, wametulia na wamesamehe. Kilio cha kuachwa hakikupata nafasi katika picha hiyo.

Kwa hiyo Yesu wa Marko alikata tamaa?

Maneno anayolia ni mwanzo wa Zaburi ya 22, ambayo inaanza kwa mtu aliyeachwa na kuishia kwa sifa. Wafafanuzi wengi wanasema kutaja mwanzo wa zaburi ni kuileta zaburi nzima, pamoja na ushindi wake. Hoja hiyo ina msingi, kwa maana Marko ameitumia zaburi hiyo pia katika kugawana mavazi na katika wanaotikisa vichwa. Lakini isivutwe mno. Marko angeweza kunukuu mwisho wa zaburi kama angetaka, na hakufanya hivyo. Katika Injili yake Yesu anaachwa kwa ngazi: na wanafunzi, na umati, na hata wale wawili waliosulubiwa naye wanamtukana. Kilio kinakamilisha mteremko huo.

Kwamba wasomaji wa kale walisikia ukali wake kunathibitishwa na jinsi walivyojaribu kuupunguza. Hati moja ya kale, Kodeksi ya Beza, haimfanyi Yesu wa Marko aulize kwa nini ameachwa, bali kwa nini ametukanwa. Injili ya Petro, iliyo nje ya Biblia na ambayo kipande chake kilipatikana Akhmimu nchini Misri katika miaka ya 1880, inamfanya alalamike kwamba nguvu zake ndizo zilizomwacha. Ni vigumu kuona kwa nini kanisa la kwanza lingebuni neno lililowatatiza wafuasi wake namna hiyo. Kwa sababu hiyo wanahistoria wengine hulihesabu kuwa lina uwezekano mkubwa wa kutoka kwa Yesu mwenyewe. Wengine hawakubali, wakisema zaburi hiyo ilikuwa tayari mikononi mwa waumini waliotafuta maneno ya kulielezea tukio.

Na Yohana je?

Yesu wa Yohana anautawala msalaba wake. Anajua kila kinachotukia, anapanga mambo ya nyumbani kwake, kisha anatamka neno moja la Kigiriki, *tetelestai*. Kulitafsiri kwa Kiswahili kunataka uangalifu. Ukisema imekwisha, msikilizaji anaweza kusikia kitu kilichomalizika kama unga ghalani. Kitenzi cha Kigiriki kinahusu kufikia lengo, na hivyo neno kutimia linakikaribia zaidi. Wahubiri wengine husema neno hilo liliandikwa kwenye risiti za kale kumaanisha deni limelipwa. Ushahidi wa dai hilo ni dhaifu, kwa kuwa ufupisho uliosomwa kwenye risiti hizo unaelekea kuwa wa neno jingine.

Ni kweli kwamba ombi la msamaha halimo katika hati zote?

Ni kweli. Halimo katika Kodeksi ya Vatikano ya karne ya 4, mojawapo ya hati zinazoheshimiwa zaidi. Katika Kodeksi ya Sinai, ya karne hiyo hiyo, mwandishi aliliandika, msahihishaji mmoja akalitia alama za kulifuta, na mwingine akazifuta alama hizo. Wapo wanaodhani liliongezwa baadaye. Wapo pia wanaodhani liliondolewa na wanakili ambao, baada ya Yerusalemu kuangamizwa mwaka 70, hawakuamini kwamba ombi hilo lilijibiwa. Biblia nyingi za leo hulichapa na kuweka maelezo pembeni.

Kwa nini kanisa halikuchagua simulizi moja tu?

Lilijaribiwa. Karibu na mwaka 170, Tasiano, Mkristo kutoka nchi za Shamu, alizisuka Injili nne kuwa kitabu kimoja kiitwacho Diatesaroni. Makanisa ya lugha ya Kisiria yalikisoma ibadani kwa vizazi kadhaa. Katika karne ya 5, Theodoreti, askofu wa Kiro, alikusanya katika jimbo lake nakala zaidi ya 200 za kitabu hicho, akaziondoa, na mahali pake akaweka Injili nne, kila moja na neno lake la mwisho.