Kabla ya kuandika ‘Asili ya Ufipa’ kwenye lebo

Tuseme binti wa Sumbawanga ameanza kushona magauni ya vitenge. Anataka kuweka lebo isemayo ‘Vazi la Asili la Wafipa’. Mama anafurahi, maana wateja watavutiwa. Lakini bibi akiuliza, “Mjukuu wangu, kitenge hiki Wafipa walikitoa wapi?”, binti atajibu nini?

Kitenge kimesafiri sana. Katika karne ya 19 Waholanzi waliiga batiki ya Java kwa mashine, na nguo hiyo ikapata soko Afrika. Leo ni yetu kwa kuivaa, ila haikubuniwa Ufipa.

Urithi wa nguo wa Ufipa upo, lakini ni mwingine. Msafiri Mskoti, Joseph Thomson, alipopita huko mwaka 1880 aliwakuta watu wakifuma nguo za pamba. Baadaye nguo za viwandani kutoka ng’ambo ziliiua kazi hiyo. Kwa hiyo kukiita kitenge ‘vazi la asili’ ni kuwafuta wafumaji hao mara ya pili.

Afanyeje basi? Tuseme amependa mapambo ya kikapu cha bibi mmoja kijijini, anataka yachapwe kwenye kitambaa. Kwanza amwendee bibi huyo kabla ya kuchapa, amuulize pambo linaitwaje, lina maana gani, na kama kuna shughuli ambayo hutumika peke yake. Akiambiwa pambo hilo halivaliwi ovyo, aliache.

Akikubaliwa, wapatane malipo. Wakisema shilingi 1,000 kwa kila gauni, magauni 60 yatampa bibi shilingi 60,000. Wayaandike, na mtu wanayemwamini wote wawili ashuhudie. Picha ya pamoja na ahsante si malipo.

Lebo nayo iseme kweli: ‘Kitambaa kimechapwa kiwandani. Pambo limetoka kwenye kikapu cha Ufipa, kwa ridhaa ya msusi wake.’ Jina la bibi liwekwe akitaka mwenyewe.

Jambo la mwisho ni jina la biashara. Miaka ya 2000 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno ‘kikoy’ liwe alama yake ya biashara. Wakenya walipinga, kwa kuwa wafumaji na wauzaji wa vikoi wangeweza kuzuiwa kutumia jina la bidhaa yao wenyewe katika soko hilo. Ombi hilo halikufika mbali. Binti naye asajili jina alilobuni mwenyewe, lakini ‘Ufipa’ na jina la pambo ayaache wazi kwa wote.

Mzazi anaweza kuipima kazi hiyo kwa njia rahisi. Gauni likikamilika, lipelekwe kwa bibi mwenye kikapu, asomewe lebo. Akikunja uso, lebo irekebishwe kabla gauni halijafika dukani.