Kwa Nini Vifurushi vya Mitandao ya Kijamii Hukoma Kufanya Kazi VPN Inapowashwa: Ufafanuzi kwa Kurejelea Mtumiaji wa Kambarage, Shinyanga

Makala haya yanafafanua tatizo linalowapata watumiaji wengi wa simu nchini Tanzania, ambalo mara nyingi huelezwa kama wizi wa bando. Mtumiaji hununua kifurushi cha mitandao ya kijamii, huwasha VPN, kisha hugundua ama kwamba WhatsApp haifunguki kabisa, ama kwamba inafunguka lakini kifurushi chake kikuu ndicho kinachoisha huku kile cha mitandao kikibaki kama kilivyokuwa. Hoja ya makala ni kwamba matokeo yote mawili hutokana na chanzo kimoja, nacho ni namna mtambo wa kampuni ya simu unavyoitambua data kabla ya kuihesabu.

Watu wengi hudhani kwamba kampuni hutambua programu iliyomo ndani ya simu. Sivyo ilivyo. Mtambo wa kampuni hauioni programu. Huona pakiti zinazopita, na kila pakiti ina anwani ya seva inakokwenda. Ujumbe wa WhatsApp umesimbwa kwa fiche, hivyo kampuni haiwezi kuusoma, lakini usimbaji huo hufunika maudhui tu na hauifuniki anwani. Ni sawa na barua iliyofungwa kwa lakiri: tarishi hajui yaliyomo, ila lazima ajue inapelekwa kwa nani. Aidha, simu inapoanza kufungua muunganisho salama, aghalabu hutaja jina la seva inayoitaka kwa uwazi katika ujumbe wake wa kwanza, ndani ya sehemu iitwayo SNI. Picha ya WhatsApp inapopakuliwa, kwa mfano, mtambo huweza kusoma `mmg.whatsapp.net`. Jina hilo, au anwani inayofahamika kuwa ya WhatsApp, hulinganishwa na orodha ya huduma zilizomo katika kifurushi. Likipatikana humo, megabaiti zinakatwa katika kifurushi cha mitandao. Lisipopatikana, zinakatwa katika kifurushi cha kawaida, na kama hakipo, katika salio la fedha pale kampuni inaporuhusu.

Ushahidi wa jambo hili unaweza kuonekana hata bila VPN. Mtu anapobonyeza kiungo cha gazeti alichotumiwa ndani ya kundi la WhatsApp, ukurasa unaofunguka hukatwa katika kifurushi cha kawaida, ingawa kwake yeye hajatoka WhatsApp. Seva ya gazeti haimo katika orodha. Huduma zinazotolewa bila malipo hufuata utaratibu uo huo. Internet.org ya Facebook, iliyozinduliwa Tanzania mwezi Oktoba 2014 kwa ushirikiano na Tigo, ilifungua tovuti zilizoorodheshwa tu.

VPN huvunja utambuzi huu moja kwa moja. Huichukua kila pakiti, huisimba yote pamoja na anwani yake ya mwisho, kisha huitia ndani ya pakiti nyingine yenye anwani ya seva ya VPN, ambayo huenda iko Nairobi au Amsterdam. Jina la seva ya WhatsApp nalo limo ndani ya bahasha hiyo ya pili. Kuanzia hapo mtambo wa kampuni huona safari moja tu, ya kwenda kwenye anwani moja isiyomo katika orodha. Inawezekana kabisa kampuni ikajua kwamba hiyo ni VPN: ujumbe wa kwanza wa itifaki ya WireGuard, kwa mfano, una baiti 148 daima, na umbo lake hutambulika. Lakini kujua kwamba ni VPN si kujua kilichomo. Hata kampuni ingetaka kumwonea huruma mteja, isingeweza kuiingiza seva ya VPN katika orodha, kwa kuwa filamu na michezo vingepita humo kwa bei ya WhatsApp.

Tuchukulie mnunuzi mdogo wa mchele katika kata ya Kambarage, Manispaa ya Shinyanga, ambaye wateja wake wako Geita na huwasiliana nao kwa WhatsApp. Ana kifurushi cha mitandao cha MB 500, hana kifurushi cha kawaida, wala hana salio. Akiwasha VPN, programu hiyo huzunguka ikisema inaunganisha bila kufika. Sababu ni kwamba ujumbe wake wa kwanza kwa seva ya VPN hauko katika orodha, hauna mahali pa kukatwa, hivyo hutupwa. MB 500 zipo zote, lakini hazifai kitu. Sasa tumwongezee kifurushi cha kawaida cha MB 200. VPN inaunganika, WhatsApp inafunguka, naye anaridhika. Hata hivyo zinazopungua ni zile 200. Tena hupungua haraka kuliko alivyozoea, kwa kuwa bahasha ya pili nayo ina uzito. WireGuard huongeza takriban baiti 60 kwa kila pakiti. Kwa pakiti kubwa ya picha, yenye baiti 1,400, nyongeza hiyo ni kama asilimia 4 tu. Kwa pakiti ndogo za simu ya sauti, tuseme za baiti 150, ni asilimia 40.

Anayetaka kuthibitisha hali hii aangalie masalio yote mawili kwa menyu ya kampuni, azime programu nyingine zinazotumia data kimyakimya, atume video moja VPN ikiwa imezimwa, aangalie tena, kisha arudie VPN ikiwa imewashwa. Asitumie hesabu ya simu yenyewe kama ushahidi wa kudai fidia: simu huhesabu kwa programu, na huweza kuonyesha kwamba WhatsApp ndiyo iliyotumia data, ilhali kampuni huhesabu kwa anwani. Hesabu zote mbili huwa sahihi.

Programu nyingi za VPN katika Android zina mpangilio unaoruhusu WhatsApp ipite nje ya VPN huku programu nyingine zikibaki ndani. Mpangilio huo hurudisha kifurushi cha mitandao kazini, mradi simu haijawekwa kuzuia kila muunganisho usiopita kwenye VPN. Kwa mfanyabiashara wetu hilo lingetosha katika siku za kawaida.

Haitoshi siku ambayo mtandao wenyewe umezuiwa. Tarehe 27 Oktoba 2020, mkesha wa uchaguzi mkuu, NetBlocks iliripoti kuzuiwa kwa Twitter na WhatsApp, miongoni mwa mitandao mingine, nchini Tanzania, na wengi wakakimbilia VPN. Kwa mantiki iliyoelezwa hapo juu, njia hiyo ilikuwa wazi kwa mwenye kifurushi cha kawaida peke yake. Aliyekuwa na kifurushi cha mitandao tu alikuwa ameinunua huduma iliyofungwa, na chombo cha kuifungulia hakikulipiwa na kifurushi hicho. Uganda ilipitia jambo linalokaribiana na hilo kuanzia Julai 2018, serikali ilipotoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii: VPN ilimwepusha mtu na kodi kwa sababu ile ile, yaani kampuni haikuweza tena kuona anakokwenda, lakini kila megabaiti ilitoka katika bando lake la kawaida. Tangu Oktoba 2023 mtumiaji wa Tanzania ana suala jingine la kuzingatia kabla ya kuwasha VPN, kwani TCRA ilitangaza kwamba watumiaji wa VPN wanapaswa kutoa taarifa za matumizi hayo kwake.