Faili Mbili za Jina Moja

Sauti ilikuwa ya baba wa bi harusi akimuusia binti yake, ila kwenye skrini alionekana mhudumu anapita na trei ya soda. Kipande kile nilikuwa nimekitazama labda mara ishirini wakati wa kukata, na kila mara mzee alikuwepo, kipaza sauti mkononi, leso begani. Kazi ilipotoka, mzee hayupo. Kijana ninayefanya naye kazi akauliza, "Kaka, mzee kaenda wapi?"

Mzee alikuwa amebaki kwenye proksi.

Harusi ile tuliipiga Dar es Salaam kwa kamera mbili za Sony, 4K, fremu 25 kwa sekunde, kwenye mpangilio unaoandika megabiti 140 kila sekunde. Kwa hesabu hiyo saa moja ya picha inakula kama GB 63. Tulirudi na picha za saa 5, kamera zote mbili zikijumlishwa, yaani GB 315 hivi. Laptopu yangu ikiwekewa faili zile inacheza sekunde mbili, inaganda, inaruka, feni inalia kama mashine ya kusaga.

Wengi wakiona hivyo hulaumu ukubwa wa faili. Ukubwa unachangia, lakini tatizo kubwa ni namna picha ilivyofungwa ndani. Ili kuokoa nafasi, kamera haihifadhi kila fremu nzima nzima. Inaweka fremu moja kamili, halafu zinazofuata zinaandika tu kilichobadilika. Ni kama daftari la mkopo la duka ambalo mwenye duka aliandika salio Jumatatu, na siku nyingine akaandika tu "ongeza sukari nusu, toa elfu mbili." Ukitaka kujua deni la Alhamisi, lazima urudi Jumatatu uanze kujumlisha. Kwa anayetazama video kuanzia mwanzo hadi mwisho, haina shida. Mkataji lakini anaruka huku na huko, anarudi nyuma fremu tatu, anakwenda mbele kumi, na kila anaposimama kompyuta inaanza hesabu upya.

Proksi ni nakala ya kila faili ambayo fremu zake zote ni kamili, kila moja inajitegemea, na vipimo vyake vimepunguzwa. Mimi hutengeneza za ProRes Proxy, 1280 kwa 720. Saa moja inakuwa kama GB 7, kwa hiyo harusi nzima ilikaa kwenye GB 35 na ikaingia ndani ya laptopu bila diski ya nje. Ajabu yake ni kwamba wakati mwingine proksi inazidi faili halisi kwa ukubwa. Dakika moja ya 4K kutoka kwenye aiphone, fremu 30 kwa sekunde, ni kama MB 170. Ukiitengenezea ProRes Proxy ya 1920 kwa 1080 inapita MB 300. Na bado ndiyo inayokatika kwa ulaini, maana kompyuta haina cha kujumlisha.

Kwenye Premiere Pro unachagua faili zote, unabofya kitufe cha kulia, unaingia `Proxy`, kisha `Create Proxies`. Zikishaiva, kitufe kiitwacho `Toggle Proxies` kinakuonyesha nakala au picha halisi, upendavyo. Hili linawezekana kwa sababu mradi wako hauna picha ndani yake. Una maelekezo tu: chukua faili ya jina fulani, anzia saa fulani ya kamera, ishia saa fulani. Ukikata proksi hujakata kitu chochote. Umeandika maelekezo, na maelekezo hayohayo yanatekelezwa baadaye kwenye faili nzito.

Wazo lenyewe ni la zamani. Enzi za filamu za milimita 35, hakuna aliyeikatia hadithi kwenye negativu yenyewe. Ilichapwa nakala ya kazi, ikakatwa na kuungwa na kuchafuliwa kwa vidole, na wote waliporidhika, fundi wa negativu alizifuata namba zilizochapwa pembeni mwa utepe, akaikata negativu mahali palepale. Akikosea namba moja, amekata kitu kisichorudi. Sisi tukikosea kinachoharibika ni usiku mmoja tu.

Usiku wangu niliuharibu hivi. Kamera zote mbili, kadi zikiwa zimefutwa upya, zilianza kuhesabu pamoja: `C0001.MP4`, `C0002.MP4`, na kuendelea. Nikazinakili kwenye diski ya nje katika folda mbili, A na B, majina nikayaacha yalivyo. Proksi zikatengenezwa sawasawa. Wiki tatu nikakata bila diski ile. Nilipoichomeka tena, Windows ikaipa herufi nyingine, na Premiere ikaja na dirisha la `Link Media` ikiuliza faili halisi ziko wapi. Nikaionyesha folda ya A, nikaacha itafute nyingine yenyewe. Kilichowekewa alama ya kulinganishwa kilikuwa `File Name` na aina ya faili tu. Ikatafuta `C0014.MP4`, ikaikuta kwenye A, ikaridhika. Mzee alikuwa kwenye `C0014.MP4` ya B.

Cha kuudhi ni kwamba niliporudi kwenye mradi sikuona kosa. Proksi zilikuwa bado zimewashwa, na proksi zilikuwa sahihi. Sauti nayo ilitoka kwenye rekoda iliyokuwa mezani kwa MC, haikuguswa. Faili halisi zinaonekana tu unapozima proksi au unapotoa kazi, na mimi nilikwenda moja kwa moja kutoa kazi.

Kwenye dirisha lilelile la `Link Media` kuna alama ya `Media Start`, yaani saa ambayo klipu inaanzia. Kamera mbili ni nadra kuwa na klipu za jina moja zilizoanza fremu ileile, kwa hiyo alama hiyo ingenikinga. Lakini siku hizi nabadilisha majina mapema, pale ninaponakili kadi, kabla ya proksi hata moja kutengenezwa: `A_C0014.MP4`, `B_C0014.MP4`. Ukibadilisha baada ya kuanza kukata, unakuwa umejitengenezea shida nyingine.

Kuna kosa la pili, kinyume cha lile: kutoa kazi kutoka kwenye proksi zenyewe. Kwenye ukurasa wa kutolea kuna kisanduku cha `Use Proxies`, na kikibaki na alama, mteja anapata picha ya 720 iliyovutwa mpaka 4K. Ukubwa wa faili iliyotoka hautakwambia kitu, kwa sababu unafuata megabiti ulizochagua wewe. Tazama maandishi. Majina ya maharusi yanachorwa upya na programu kwa vipimo vya mradi, kwa hiyo yatakuwa makali kama wembe, huku shanga za gauni nyuma yake zimeyeyuka kama sabuni.

Shanga hizo zina neno jingine. Kwenye 720 huwezi kujua kama umakini wa lenzi ulikaa machoni au uliteleza sikioni. Picha ndogo inaficha. Kwa hiyo klipu za uso wa karibu nazipitia na proksi zimezimwa kabla sijaamua ipi inaingia, hata kama laptopu italia. Rangi nazo nazirekebisha kwenye picha halisi, na kazi ya kutuliza mtikisiko vilevile.

Kazi ya yule mzee niliiunganisha upya saa saba usiku, folda ya B peke yake, alama ya `Media Start` ikiwa imewekwa. Kisha nikazima proksi, nikapita taimlaini nzima nikisimama kwenye kila mkato, kijana akinisomea majina ya faili. Tulikuta wengine sita waliopotea, akiwemo bwana harusi.