Nguzo Imefutwa, Pengo Limebaki

Umempiga picha bibi mbele ya nyumba, na nguzo ya umeme imesimama nyuma ya bega lake. Unaifuta kwa kidole kwenye simu. Nguzo inatoweka, lakini mahali pake panabaki ufa mrefu wa vijisanduku vyeupe na vya kijivu.

Vijisanduku hivyo maana yake ni kwamba hapo hapana kitu. Kamera haikuona ukuta uliofichwa na nguzo, kwa hiyo hakuna rangi iliyohifadhiwa chini yake. Kifutio cha kawaida, hasa kile cha kuondoa mandhari, hukata tu: kila nukta unayoigusa hugeuka uwazi. Ukihifadhi picha kama PNG, uwazi unabaki. Ukiihifadhi kama JPEG, kwa kawaida hujazwa weupe au weusi.

Kifutio cha pili, kama Magic Eraser iliyokuja na simu za Pixel 6 mwaka 2021, huondoa kisha hujaza. Hutazama ukuta wa kushoto na kulia, halafu hubuni kipande kinachofanana nao. Kwa nguzo, hiki ndicho cha kutumia.

Hata hivyo, kingo za kitu chembamba huchanganyika na rangi za nyuma. Ukipaka katikati tu, mistari miwili hafifu itabaki. Kuza picha, paka kupita kingo kidogo, na usisahau kivuli cha nguzo. Inapopita karibu na bega, futa vipande vifupi vifupi, maana hapo kifutio huweza kubuni kitambaa badala ya ukuta.