Mkono wa Mtu Mwingine Ukingoni mwa Picha

Bibi harusi na mama yake wameketi kwenye sofa la ukumbini. Mwanga ni mzuri, nyuso zote mbili ziko wazi, na mama anatabasamu kwa namna ambayo haitarudi tena siku hiyo. Ila kwenye ukingo wa kulia ameingia shangazi aliyekuwa akirekodi kwa simu: bega, kiwiko na kipande cha kitenge chenye rangi kali. Kila atakayeishika picha hiyo jicho lake litakimbilia pale kwanza, kwa sababu rangi kali huvuta, na mkono usio na mwenyewe huvuta zaidi. Mtazamaji hujikuta anauliza ni wa nani kabla hajamtazama bibi harusi.

Si kila mara ni uzembe wa mpiga picha. Kamera nyingi za bei nafuu zenye kioo ndani huonyesha kwenye kitundu cha kuchungulia takribani asilimia 95 tu ya kile kitakachorekodiwa. Mpigaji anaona ukingo msafi, kumbe nje kidogo ya anachokiona kuna bega linalosubiri. Kwenye simu na kamera zisizo na kioo picha nzima iko mbele yake, lakini hapo shida ni jicho lake mwenyewe, ambalo limeganda kwenye uso wa mhusika na halizunguki pembezoni kabla ya kubonyeza.

Dawa ya kwanza ni kukata ukingo, kazi ambayo mafundi wengi wa studio huiita kukrop. Wengi huanza kwa kupima mkono umeingia kiasi gani. Kipimo chenye uzito zaidi ni pengo: je, kati ya mkono ule na mwili wa mhusika kuna ukanda wa nyuma usio na mtu, unaoshuka kutoka juu ya picha hadi chini? Ukanda huo ukiwepo, hata mwembamba, mstari wa kukata utapita humo na hakuna atakayeumia. Usipokuwepo, kukata mkono ni kumkata na mhusika.

Mfano mkubwa wa jambo hili unajulikana dunia nzima, ingawa wachache wameuona ukiwa mzima. Tarehe 5 Machi 1960 jijini Havana, mpiga picha wa Kuba Alberto Korda alikuwa kwenye mkutano wa kuwaomboleza waliouawa na mlipuko wa meli La Coubre, uliotokea bandarini siku moja kabla. Ernesto Che Guevara alisogea mbele ya jukwaa kwa muda mfupi, na Korda, akiwa na kamera ya Leica na lenzi ya milimita 90, akawahi kupiga mara mbili: mara moja kamera ikiwa imelala, mara moja ikiwa imesimama. Katika picha ya kulala, Guevara yuko katikati. Upande mmoja ukingoni kuna uso wa mtu mwingine ulioonekana kwa ubavu, na upande wa pili kuna majani ya mchikichi. Katika picha ya kusimama, kichwa cha mtu kilijitokeza nyuma ya bega la Guevara.

Mtu angedhani ile ya kusimama ndiyo iliyokuwa rahisi kuokoa, kwa kuwa tayari ilikuwa na umbo la picha ya mtu mmoja. Haikuwa hivyo. Kichwa kile kilikuwa kimegusana na bega, na hakuna mstari ulionyooka ambao ungekiondoa bila kuchukua na bega lenyewe. Picha ya kulala, ingawa ilikuwa na mtu na majani, ilikuwa na anga tupu kati ya kila kimoja na Guevara. Korda alikata pande zote mbili ndani ya anga hiyo, picha iliyolala ikawa ya kusimama, na uso ukabaki peke yake. Gazeti la Revolución halikuitumia siku ile. Korda aliitundika ukutani mwa studio yake, na hatimaye ikawa miongoni mwa picha zilizonakiliwa zaidi duniani, kwenye mabango, fulana na kuta za miji isiyohesabika.

Turudi ukumbini kwa shangazi, tupime. Tuseme picha ina upana wa pikseli 6,000 na kimo cha 4,000, kama zilivyo kamera nyingi za pikseli milioni 24. Kiwiko kimeingia pikseli 700 kutoka ukingo wa kulia, na mkono wa mama unaanzia pikseli 950. Pengo ni 250. Inavutia kukata kwenye 700 kamili, lakini kiwiko kilikuwa karibu sana na kamera, kwa hiyo kingo zake hazikutulia: rangi ya kitenge imesambaa kidogo kama moshi mwembamba. Kata kwenye 740, ukungu wote uondoke, na mama bado ana pikseli 210 za kupumulia.

Sasa picha ina upana wa 5,260, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Programu nyingi hufunga uwiano wa picha zenyewe: ukivuta ukingo wa kulia, kimo nacho kinapungua bila kuulizwa. Kwa uwiano wa 4 kwa 6, upana huo unataka kimo cha pikseli 3,507, yaani 493 ziondoke juu au chini. Juu ya kilemba cha mama kuna nafasi ya 300, na chini ya viatu vya bibi harusi nyingine 300. Ukitoa 493 zinabaki 107 tu za kugawana juu na chini. Kilemba kitakaribia kugusa ukingo. Mkono umeondoka, lakini sasa wahusika wanaonekana wamefungiwa ndani ya boksi.

Uwiano wa 8 kwa 10 unabadilisha mambo. Picha ya kamera hii, kabla hata ya kumfikiria shangazi, lazima ipoteze pikseli 1,000 za upana ili iingie kwenye karatasi hiyo. Studio ikiachiwa bila maelekezo, mara nyingi mashine itapunguza 500 kila upande, na kipande cha mkono kitabaki. Mwenye picha akiamua mwenyewe, anatoa 740 kulia na 260 kushoto. Kimo hakiguswi, kilemba na viatu viko salama, na kama gauni lilianzia pikseli 600 kutoka kushoto, bado lina nafasi ya 340. Karatasi ilikuwa inadai kipande. Amepewa kile kisichotakiwa.

Kazi hii ifanywe kwenye faili halisi ya kamera. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa hadi takribani pikseli 1,600 upande mrefu, na ukikata vilevile unabaki na 1,333. Zikitandazwa kwenye inchi 10, ni pikseli 133 kwa kila inchi, ilhali wachapaji hupendelea 300. Mkono utakuwa umeondoka, lakini kope za bibi harusi nazo hazitaonekana vizuri. Aliyeipokea kwa simu amwombe mpigaji aitume kama faili, ambayo hufika bila kupunguzwa.

Na pengo likikosekana? Tuseme kiwiko cha shangazi kinapita mbele ya goti la mama. Kwanza tazama kama kimeziba mwili wote au sehemu ya chini tu. Mara nyingi mkono ulioinuliwa huingia kwa mshazari, na kwenye usawa wa kifua kuna pengo zuri ambalo chini halipo. Basi kata kutoka chini pia, picha iwe ya nusu mwili. Kuna kanuni moja ya kushika hapo: mstari usipite kwenye kiungo. Ukikata kwenye goti, kifundo cha mkono au kifundo cha mguu, mtu huonekana kama amekatwa yeye, si picha. Ukikata katikati ya paja au juu kidogo ya kiuno, jicho humalizia mwili lenyewe bila kustuka. Vidole vibaki vyote au viondoke vyote.

Njia nyingine, ambayo wengi hawaijaribu, ni kuizungusha picha kidogo sana kabla ya kukata. Kwenye picha ya kimo cha pikseli 4,000, kuzungusha kwa nyuzi 2 huusogeza ukingo wa pembeni kwa takribani pikseli 140 kati ya juu na chini. Bega lililoinamia ndani kwenye kona ya juu linaweza kutoka kwa mzunguko huo bila kuusogelea mkono wa mhusika ulio chini. Inafaa pale nyuma kuna miti au kundi la watu. Nyuma kukiwa na fremu ya mlango, nguzo au upeo wa bahari, usithubutu, maana kila mtu ataona nyumba imepinda.

Baada ya kukata, kuza picha hadi asilimia 100 na utembeze macho polepole kwenye kingo zote nne. Ncha ya kidole iliyobaki ni mbaya kuliko mkono mzima, kwa kuwa mkono mzima angalau unaeleweka. Kisha angalia kama mkono ule umeacha kivuli kwenye gauni, au kama shangazi anaonekana kwenye kioo cha kabati nyuma ya sofa. Kivuli na taswira hiyo haviondoki kwa mkasi wa ukingoni.

Hapo ndipo kishawishi cha kufuta huja: kupaka nyuma ya uongo juu ya kisichotakiwa. Kwa albamu ya harusi hiyo ni hiari ya wenye harusi. Kwa picha ya habari ni jambo zito. Septemba 2013 mpiga picha Narciso Contreras, ambaye mwaka huohuo alikuwa katika kundi la wapiga picha wa shirika la habari la AP lililopata tuzo ya Pulitzer, alimpiga picha mpiganaji wa Syria akijikinga. Kwenye kona ya chini kushoto ilionekana kamera ya video ya mwandishi mwenzake. Aliifuta kwa kunakili sehemu nyingine ya picha juu yake. Januari 2014 AP ilivunja uhusiano naye, baada ya kupitia karibu picha 500 alizowahi kuwapa na kutokuta nyingine iliyochezewa. Kanuni za shirika hilo huruhusu kukata ukingo; haziruhusu kuongeza wala kufuta kitu ndani ya picha inayobaki. Kamera ile ilikuwa kwenye kona, mahali ambapo mkasi hufika.