Mibofyo mingi, simu hazilii

Tuseme kuna duka la pampu za maji Nakuru linalotangaza kupitia Google kwa bajeti ya shilingi 1,500 kwa siku. Ripoti inaonyesha mibofyo 300, kila mmoja shilingi 5. Mwenye duka anafurahi siku ya kwanza na ya pili. Wiki inakwisha, hakuna aliyepiga simu kuuliza bei.

Wengi hapo humshuku jirani mshindani kwamba anabofya tangazo ili kumfilisi mwenzake. Hilo hutokea, hasa kwenye matangazo ya matokeo ya utafutaji. Lakini tangazo la picha husambazwa pia kwenye tovuti na programu za simu za watu wengine, na mwenye programu hulipwa sehemu ya pesa za matangazo hayo. Hapo ndipo tamaa inapozaliwa. Wapo wanaotumia roboti kubofya, na wapo wanaoweka tangazo karibu kabisa na kitufe cha mchezo ili kidole kiteleze. Mtoto anayecheza kwa simu ya mama yake hana haja na pampu, ila mbofyo wake unalipiwa.

Jumla ya mibofyo haikwambii lolote kuhusu hili. Fungua ripoti iitwayo "Where ads showed", inayotaja mahali tangazo lilipoonekana, kisha ipange kwa gharama, kubwa ikianza. Katika mfano wetu, mchezo mmoja wa simu ulionyesha tangazo mara 2,300 ukaleta mibofyo 230, yaani asilimia 10. Tovuti za habari zilionyesha tangazo hilohilo mara 12,000 zikaleta mibofyo 60, asilimia 0.5. Watu hawaipendi pampu mara 20 zaidi kwa kuwa wanacheza mchezo. Shilingi 1,150 kati ya 1,500 zimeishia hapo.

Kabla ya kuhukumu, tafuta ushahidi wa pili. Linganisha mibofyo na ziara zilizosajiliwa na Google Analytics. Mibofyo 300 ikizaa ziara 120 tu, tena za sekunde moja moja, kuna jambo. Hata hivyo, pengo peke yake si wizi: ukurasa mzito kwenye mtandao dhaifu huwafanya watu halisi waondoke kabla haujafunguka. Jaribu kuufungua mwenyewe kwa simu ya bei nafuu. Angalia na saa pia. Mibofyo ikifurika kati ya saa nane usiku na saa kumi alfajiri, wakati wanunuzi wa pampu wamelala, shaka inazidi uzito, mradi akaunti yako imewekwa saa za Nairobi.

Safu ya "Invalid clicks" huwatisha watu bure. Hiyo ni mibofyo ambayo Google imekwisha kuichuja, na hutozwi kwayo. Inayokuumiza ni ile iliyopenya, na hiyo haina safu yake.

Sasa chukua hatua. Zuia kwanza mchezo ule, halafu programu nyingine za aina hiyo, maana ukifunga mmoja pesa huhamia kwa mwenzake. Kama hakuna mteja aliyewahi kutokea kwenye programu za simu, zuia makundi yake yote. Kisha nenda kwenye mpangilio wa eneo, uchague "Presence", ili tangazo lionyeshwe kwa walio ndani ya eneo lako au wanaofika huko mara kwa mara, si kwa yeyote aliyeonyesha kupendezwa nalo.

Kubwa zaidi ni kile unachokihesabu kuwa mafanikio. Ukihesabu kila aliyefungua ukurasa, mfumo utakutafutia wafunguaji, na roboti ni hodari wa kufungua. Hesabu simu iliyodumu dakika moja au zaidi, au oda iliyothibitishwa.

Kuzuia anwani za IP kunaruhusiwa, hadi 500 kwa kampeni, ila kwetu kuwe na tahadhari. Kampuni za simu huwagawia wateja wengi anwani moja ya pamoja, kwa hiyo unaweza kumfungia nje mkulima wa Njoro ukidhani umemkomesha mwizi. Zuia tu anwani inayojirudia ambayo una hakika si ya mtandao wa simu.

Ukiwa na ushahidi, tuma ombi la uchunguzi kupitia fomu ya Google ya ubora wa mibofyo. Ambatisha tarehe, jina la kampeni na kumbukumbu za seva zenye anwani na saa. Wakikubaliana nawe, pesa hurudi kama salio ndani ya akaunti. Usichelewe, kwa sababu fomu hiyo hupokea mibofyo ya siku 60 zilizopita tu.